Muhtasari wa mdahalo: jaji apewe alichosema mtoto au alichoelewa karani?

Mwalimu wa Malindi: Tumerekodi mdahalo wa shule mbili, dakika 48. Mada: bodaboda ziruhusiwe ndani ya mji wa kale wa Lamu. Majaji wanataka muhtasari wa hoja za kila timu na majibu yake kabla ya kutoa alama. Ni haki, au wasikilize wenyewe?

Langoni: Si haki. Mpwa wangu alishawahi kukatwa alama kwa muhtasari wa namna hiyo. Alisema "ndia haitoshi", karani akaandika "ndiyo, haitoshi". Mtoto anapinga, karatasini anaonekana amekubali!

Bandarini: Angesema njia, angeeleweka. Mashindano ni ya Kiswahili sanifu.

Karani Mstaafu: Mwalimu, muhtasari unawezekana, ila usigawe karatasi kwa timu, upande huu watetezi, upande ule wapinzani. Ukifanya hivyo jaji hajui jibu lipi lilijibu nini. Chukua hoja moja moja. Andika hoja, dakika iliposemwa, na mbele yake jibu la wenzao na dakika yake. Pasipojibiwa andika "haikujibiwa", basi. Usiwajibie, hata kama jibu unalo mdomoni.

Kisumu Ndogo: Mimi naunga mkono bodaboda. Mwaka jana nilibeba mzigo Lamu kutoka gatini kwa miguu, mabega yaliniuma wiki nzima. Punda walikuwepo, bei ndiyo iliyonishinda.

Langoni: Hakuna aliyekuuliza habari za mabega, dada. Na wewe Bandarini, "ndia" ni Kiswahili. Tenzi ziliandikwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, sanifu yenu haijazaliwa.

Bandarini: Sanifu iliamuliwa Mombasa 1930, sisi wa pwani tulikuwepo. Tusijifanye tumeonewa.

Mkomani: Mkutano wa Mombasa ulikuwa 1928. 1930 ni kamati ya lugha. Na lahaja iliyochukuliwa ni Kiunguja, kwa hiyo huo "usisi" wako una maji kidogo.

Bandarini: Haya, profesa.

Mwalimu wa Malindi: Jamani, muhtasari! Mimi nilifikiri kila timu ipewe nusu ukurasa, ili isionekane nimependelea.

Karani Mstaafu: Nia njema, lakini hapo utapotosha. Timu iliyotoa hoja tano utaibana, na yenye mbili utaijaza maji mpaka zifanane. Usawa ni kila hoja kupata mstari wake. Tena alama za sauti na ufasaha zisitolewe kwa karatasi hiyo. Kwa hizo, ama jaji alikuwepo ukumbini, ama asikilize rekodi.

Mkomani: Na timu ikibadilisha maneno katikati?

Karani Mstaafu: Hapo ndipo makarani wengi huteleza. Tuseme dakika ya 6 mtetezi anasema mgonjwa atafikishwa hospitali haraka. Dakika ya 17 mpinzani anamjibu: vichochoro havipitishi punda wawili wenye mizigo, sembuse pikipiki na mgonjwa. Dakika ya 31 mtetezi anarudi: "Sisi tulisema ufukweni tu." Usimwamini wala usimkanushe. Rudi dakika za mwanzo alipofafanua mada. Kama alisema "mji mzima", andika kauli zote mbili na dakika zake. Usiandike "amejipinga". Hiyo ni kazi ya jaji.

Langoni: Na kama alisema "mui mzima"?

Karani Mstaafu: Andika "mui" kama alivyosema. Neno likikutatiza, muulize anayelijua, usilinyooshe. Hasa likiwa dogo kama hilo la mpwa wako: ndiyo na siyo ndizo zinazogeuza upande.

Mkomani: Kwetu, mzungumzaji wa mwisho alichomoa UNESCO kutoka mfukoni, eti mji wetu wa kale wa Lamu ulitambuliwa kuwa urithi wa dunia 2001. Ni kweli, lakini hakuna aliyebaki wa kumjibu.

Karani Mstaafu: Iweke chini, peke yake: "hoja mpya katika hitimisho". Ukiichanganya na nyingine, mbele yake utaandika "haikujibiwa", na jaji atadhani wenzake walishindwa. Kanuni nyingi haziihesabu. Angalieni zenu zinasemaje.

Bandarini: Kumbe hata lafudhi ina karani wake siku hizi.

Langoni: Ina wenyewe. Karani ni mgeni tu.

Kisumu Ndogo: Lakini bei ya punda hamjasema chochote.

Mwalimu wa Malindi: Nimerudia dakika ya 17 mara tatu. Kumbe hata hapa kwetu mtoto anasema "ndia". Mimi niliandika "ndiyo, nyembamba mno", na jaji mmoja ameshatia sahihi.

Langoni: Mrudishie karatasi kabla hajavuka Mokowe.

Mwalimu wa Malindi: Ameshavuka. Simu haishiki.