Programu ya kunakili vikao imetangaza bajeti imepita, na haijapita!

Katibu_Mchovu
Wakuu, nimekasirika na sifichi. Mimi ndiye ninayetunza kumbukumbu za vikao vya timu yetu. Juzi programu ya kunakili maongezi imewatumia watu 12 muhtasari unaosema bajeti imepitishwa. Nimerudia rekodi mara nne. Kiongozi alisema, "Hatujaaprovu bajeti, tunasubiri watu wa fedha Ijumaa saa nne." Oneni ilichoandika:

```
00:14:32 Had to approve budget. Waiting finance, Friday at 4.
```

"Hatuja" yetu imegeuzwa kuwa `had to`! Katazo limekuwa ruhusa. Na saa nne ya asubuhi ikasomwa saa kumi jioni, kwa hiyo mtu wa fedha akatokea wenzake wameshaondoka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sentensi imenyooka. Ingekuwa upuuzi mtupu, mtu angeshtuka akauliza. Hii imepita kimya kimya mpaka watu wakaanza kuagiza vifaa.

Mzee_wa_Mipangilio
Mbona rahisi? Ingia kwenye mipangilio, chagua Kiswahili badala ya kuacha ijichagulie. Tatizo limekwisha.

Katibu_Mchovu
Nimefanya hivyo, mkuu. "Hatuja" imerudi sawa, lakini Kiingereza kikaharibika. Fundi wa timu yetu alisema tufanye rolbaki, nayo ikaandika "roho baki". Nimehama shimo moja kuingia jingine.

Fundi_Sauti
Mzee yuko sahihi nusu. Nyingi ya programu hizi huchagua lugha moja kwa rekodi nzima. Whisper, kwa mfano, usipoitajia lugha, inaikisia kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo. Mkifungua kikao kwa salamu za Kiingereza, basi Kiswahili chote kinachofuata kinalazimishwa kufanana na maneno ya Kiingereza. Ndiyo maana "hatu" ikawa `had to`.

Kama unayo rekodi yenyewe, inakili upya ukiitajia lugha, na uipe mfano wa jinsi mnavyochanganya:

```
whisper kikao.wav --model large --language sw \
  --task transcribe \
  --initial_prompt "Hatuja-approve bajeti. Tume-deploy, tufanye rollback."
```

Usitarajie makubwa. Sentensi hiyo ya mfano husaidia zaidi mwanzoni, na kwenye kikao kirefu nguvu yake hufifia. Angalia pia neno `transcribe`. Pakiwa na `translate`, utapata Kiingereza kitupu, na hutajua kamwe mtu alitamka nini.

Mtafiti_Mpya
Mimi nina mahojiano ya tasnifu, watu wanachanganya hivyo hivyo. Nataka yatoke kwa Kiingereza moja kwa moja. Nitumie programu ipi?

Fundi_Sauti
Hilo ndilo nililotoka kulikataza, ndugu. Nakili kama walivyosema, sahihisha, halafu utafsiri. Ukiruka hatua ya kati, kosa kama la katibu litaingia kwenye tasnifu na hutakuwa na pa kulikagulia.

Katibu_Mchovu
Sawa, na kusahihisha je? Kikao cha saa nzima kukisikiliza neno kwa neno ni kazi ya siku.

Fundi_Sauti
Usisome toka juu. Kiambishi kilichofutika huwezi kukitafuta, kwa sababu hakipo. Tafuta kitenzi kilichobaki: `approve`, `sign`, `pay`, "lipa", "tuma", "anza". Kila kinapotokea, rudi kwenye rekodi sekunde kumi kabla yake na usikilize kama kuna "ha" au "si" iliyomezwa. Kisha kagua kila saa na kila namba. Saa iandike "saa nne asubuhi, 10:00" ili asiwepo wa kubahatisha. Ukimaliza, futa muhtasari wa zamani na utengeneze mwingine kutoka nakala iliyosahihishwa. Ukirekebisha muhtasari peke yake, nakala yenye kosa inabaki, na siku moja mtu ataifungua.

Bi_Mhariri
Naongeza moja. Kubalianeni tahajia. Kwetu mmoja anaandika "tumeaprovu", mwingine "tume-approve", kwa hiyo ukitafuta moja unaikosa nyingine. Mimi napendelea kistari. Mwenzangu anasema kinaharibu Kiswahili, na hatujapatana mpaka leo.

Katibu_Mchovu
Nimerudi. Nimetafuta vitenzi tu, dakika arobaini hivi, nikapata sehemu tisa. Saba ziko sawa. Ya nane ni "hawajasaini" iliyogeuka "wamesaini", nimeirekebisha na kuwatumia wote nakala mpya. Ya tisa watu wawili wanaongea kwa pamoja na rekodi haisikiki. Nimewauliza wenyewe. Mmoja anasema walikubali, mwingine anasema walikataa. Nimeandika "haikusikika, 00:41:07". Kuna mwenye njia nyingine?

Fundi_Sauti
Kwa sehemu hiyo ya tisa, sina.