Modemu taa nyekundu, jibu ni lile lile "weka draiva upya". Mnatuchosha!

Kitasa_Kikuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sitaomba radhi. Mtu anachomeka modemu ya USB, taa inabaki nyekundu, mtandao hakuna. Anapiga huduma kwa wateja, anaambiwa aondoe programu aweke upya. Anaenda dukani, anaambiwa Windows yake mbovu, apige chini kompyuta aweke nyingine. Anarudi nyumbani na Windows mpya, mafaili hana, na taa bado nyekundu vilevile. Kisha anauziwa modemu mpya.

Nazungumzia ZTE MF190 na ndugu zake, zile fimbo za 3G zilizojaa mtaani. Kwenye hizi rangi ya taa ina maana. Nyekundu: umeme umefika ila hakuna mnara uliompokea. Kijani: amepokelewa kwenye 2G. Bluu: amepokelewa kwenye 3G. Ikianza kupepesa kwa kijani au bluu, data inapita. Taa inawashwa na modemu yenyewe, siyo Windows. Sasa draiva ina kosa gani kama kifaa hakijaongea na mnara?

Kabla ya kumwambia mtu apige chini kompyuta, muulizeni maswali matatu tu. Kadi inasomeka? Mawimbi yanasikika? Mtandao unamkubali au unamkataa? Modemu yenyewe inajibu yote matatu ukiiuliza.

Fungua Device Manager, nenda Modems, bonyeza kulia kwenye modemu uangalie namba ya COM. Funga kabisa ile programu ya kuunganishia intaneti, maana ikiwa wazi inaishikilia bandari na huwezi kuingia. Fungua PuTTY, chagua Serial, andika namba ya COM, ingia. Kisha moja baada ya nyingine:

```
AT+CPIN?
AT+CSQ
AT+CREG?
```

Ya kwanza ikijibu `READY`, kadi ni nzima na haidai PIN. Ikijibu `SIM PIN`, kadi ina namba ya siri, na modemu itakaa nyekundu mpaka uiweke. Ikijibu `+CME ERROR: 10`, haioni kadi kabisa, hapo tatizo ni mguso.

Ya pili inatoa namba kuanzia 0 hadi 31. Ukiona 99, haisikii kitu.

Ya tatu tazama tarakimu ya mwisho. 1 amepokelewa, 2 bado anatafuta, 3 amekataliwa, 0 hata hatafuti.

Hii ni kazi ya dakika tano. Kwa nini hakuna mtu wa kaunta anayeifanya?

---

mtoto_wa_Mbagala

Mkuu umeandika sana lakini jibu ni fupi. Taa nyekundu ni laini haijasajiliwa kwa alama za vidole. Tangu siku ya mwisho ya usajili, Januari 20, 2020, laini nyingi zilizimwa. Apige *106# kwenye simu aone kama ipo kwa jina lake, amalize kazi.

---

Kitasa_Kikuu

Nusu uko sawa. *106# ipigwe, ni hatua nzuri na haina gharama. Lakini laini iliyozimwa kabisa inaonekana kwa tarakimu 3 kwenye `AT+CREG?`, na ukiiweka kwenye simu nayo inakataa. Laini iliyofungiwa huduma tu mara nyingi mnara bado unaipokea, taa inageuka bluu, ila intaneti haiendi. Kwa hiyo ukiona nyekundu huku kadi hiyo hiyo inapiga simu vizuri, usajili si mchawi wako.

Na msijipe moyo kwa kuona kadi inafanya kazi kwenye simu. Simu yako iko kwenye 4G. Hii modemu haijui 4G ni nini. Ingia kwenye mipangilio ya simu, ilazimishe 3G pekee, kisha 2G pekee, uone kama mtandao unabaki. Hicho ndicho kipimo cha haki.

---

mama_Nuru

Samahani jamani, ya kwangu ni Huawei E173, haina nyekundu kabisa. Inapepesa kijani mara mbili mara mbili halafu kimya. Nibadilishe nini hapo kwenye PuTTY?

---

Antena_ya_Bati

Dada, hiyo ni lugha nyingine ya taa. Kijani mara mbili kila baada ya sekunde tatu kwenye E173 maana yake imewaka ila haijapokelewa na mtandao. Ni sawa na nyekundu ya wenzako. Amri tatu alizotoa mwenye uzi zinafanya kazi hivyo hivyo kwako, anza na ya kadi.

Kama laini yako ni ile ndogo ya simu za kisasa umeivika kifuniko cha plastiki iwe kubwa, shuku hapo kwanza. Kile kifuniko ni chembamba, kadi inasogea kidogo, meno ya modemu yanagusa plastiki badala ya shaba. Unapata jibu la hitilafu leo, kesho `READY`. Dawa ni kwenda kubadilishiwa laini ya ukubwa wa modemu, siyo kubandika karatasi nyuma yake. Karatasi inapinda meno, na yakipinda ndiyo basi.

---

Lushoto_Juu

Wakuu na mimi nina kesi. MF190, ilikuwa inatumika Dar vizuri, imeletwa huku kijijini, nyekundu tupu. Simu ya 2G hapa hapa mezani inashika. Nimefuata hizo amri:

```
+CPIN: READY
+CSQ: 99,99
+CREG: 0,2
```

Fundi wa hapa anasema antena ya ndani imekufa.

---

Antena_ya_Bati

Fundi asiifungue kwanza. Soma majibu yako: kadi nzima, inatafuta, haisikii chochote. Antena iliyokufa inatoa hivyo, kweli. Lakini modemu iliyoambiwa itafute 3G tu mahali penye 2G tu nayo inatoa hivyo hivyo. Na aliyekuwa Dar ana kila sababu ya kuifunga kwenye 3G, kasi isishuke. Mpangilio huo unakaa ndani ya modemu, hauko kwenye kompyuta. Ukihama nao unahama.

Iulize:

```
AT+ZSNT?
```

Ikijibu `2,0,0` imefungwa kwenye 3G. Irudishe ijichagulie yenyewe:

```
AT+ZSNT=0,0,0
```

Chomoa, chomeka, subiri dakika moja nzima.

Jambo jingine: hizi fimbo ziliuzwa kwa aina tofauti. Baadhi zinasikia 3G ya 2100 peke yake, nyingine zina 900 pia. Vijijini minara mingi ya 3G iko kwenye 900 kwa sababu inafika mbali. Kama yako ni ya 2100 tupu utapata kijani, hutapata bluu, na hakuna draiva duniani itakayobadilisha hilo.

---

Lushoto_Juu

Ilikuwa `2,0,0`. Nimeirudisha, sasa kijani! CSQ inasoma 11. Ila nikifungua ukurasa inarudi nyekundu, kompyuta inalia ule mlio wa kuchomoa kitu, halafu inaanza upya.

---

Antena_ya_Bati

11 si mbaya, ni kama -91 dBm. Hapo sasa ni umeme. Unatumia waya wa kurefusha?

---

Lushoto_Juu

Ndiyo, mita tano, nimeiweka dirishani.

---

Antena_ya_Bati

Dirishani ni sawa, waya ndio adui. Bandari ya USB 2.0 imepangiwa kutoa miliamp 500. Kwenye 2G, mnara ukiwa mbali, modemu inatuma kwa mishtuko mikubwa ya umeme. Waya mrefu mwembamba unakula volti, modemu inazimika na kuwaka tena, ndiyo nyekundu unayoiona. Tumia waya mfupi na mnene, mita moja au moja na nusu, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, siyo kwenye kile kigawanyishi kisicho na adapta yake.

---

Bush_Linux

Napinga kidogo mwenye uzi. Umesema draiva haina kosa lolote. Modemu hizi zikichomekwa zinajitambulisha kwanza kama CD, ile yenye programu. Kwenye Linux utaona hivi:

```
lsusb
ID 19d2:2000
```

Hiyo 2000 ni CD. Mpaka kitu kiiambie igeuke kuwa modemu (kwenye Linux ni `usb_modeswitch`), namba ibadilike, mfano `19d2:0031`, hakuna bandari ya kuongea nayo. Hata huko PuTTY hutafika. Na nimeona fimbo zinazokaa nyekundu redio ikiwa imezimwa, zikisubiri programu itume `AT+CFUN=1`. Hapo draiva isipokuwepo, nyekundu haiondoki.

---

Kitasa_Kikuu

Hoja nzuri, na ya CFUN naikubali kwa baadhi ya fimbo: ukiona CREG 0,0 badala ya 0,2, uliza `AT+CFUN?` kwanza, na kama si 1 iweke 1. Ila hata hapo draiva ina dalili zake za wazi. Device Manager inaonyesha alama ya njano na Code 28, au Modems haipo kabisa na unaona kiendeshi cha CD tu. Kama Modems ipo bila alama na COM inajibu `OK` ukiandika `AT`, draiva imemaliza kazi yake. Kuiweka upya hapo ni kupoteza bando la mtu.

---

Sinza_Usiku

Yangu inasema READY, CSQ 22, CREG 0,3. Laini kwenye simu inashika 3G na 2G. Laini ya mwenzangu wa mtandao mwingine kwenye modemu hii nayo 0,3. Niliinunua ikiwa "imefunguliwa" mitandao yote.

---

Kitasa_Kikuu

Laini mbili za mitandao miwili, zote zinakataliwa, mawimbi mazuri. Kinachokataliwa ni kifaa. Andika `AT+CGSN` upate IMEI, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye kibandiko cha modemu, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama inatambulika.

---

Sinza_Usiku

Kibandiko kina namba 15 za kawaida. CGSN inatoa zingine kabisa, sifuri nyingi mwishoni.

---

Antena_ya_Bati

Aliyeifungua ameharibu IMEI. Vifaa vya namna hiyo vilianza kuzimwa Juni 2016.

---

mtoto_wa_Mbagala

Si airudishie tu ile ya kwenye kibandiko? Kuna programu.

---

Kitasa_Kikuu

Kuandika IMEI upya ni kosa chini ya sheria ya EPOCA ya 2010, hata kama unarudisha ya asili. Sitaeleza hapa. Airudishe dukani na risiti.

---

Bush_Linux

Hapo kwenye "hata kama ya asili" sina hakika kama mtengenezaji mwenyewe anahesabiwa. Kituo cha huduma cha ZTE kinaweza kuwa na njia.

---

Sinza_Usiku

Nimempigia muuzaji. Anasema niweke draiva upya.