Naomba ushauri: kunyamaza kidogo katikati ya hadithi

Habari za leo walimu wenzangu. Nafundisha darasa la pili hapa Temeke, na Ijumaa nawasimulia watoto Sungura na Fisi. Mwanzo unakwenda vizuri mno: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Shida iko Fisi anaponusa mlango wa Sungura. Hapo nataka ninyamaze, waogope kidogo, lakini wimbo wa Fisi ndio umetoka kuimbwa na makofi hayakomi. Nimejaribu kushusha sauti. Wa mbele wanatulia, wa nyuma hawanisikii kwa kelele za bajaji. Je, wimbo niusogeze nyuma kidogo, au kuna ishara ya mkono ya kuufunga bila kukatiza hadithi?