Naomba ushauri: programu ya kurudisha chati za WhatsApp zilizofutwa

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anauza vitenge, na juzi mtoto alimfutia chati ya mteja yenye oda na makubaliano ya bei. Kapata jamaa mtandaoni mwenye programu ya "kurudisha chati zote kwa namba tu". Anataka hela kwanza, halafu atumiwe zile tarakimu 6 zitakazoingia kwa SMS. Nimemkataza kabisa, maana tarakimu hizo ndizo za kusajili akaunti kwenye simu nyingine. Akizitoa, akaunti imekwenda.

Simu yake ni Android. Kwenye Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases nimekuta mafaili ya nakala za kila usiku, likiwemo la kabla ya chati kufutwa. Nataka kwanza ninakili folda nzima kwenye kompyuta, nilipe faili hilo jina msgstore.db.crypt14 kama lilivyo la leo, niondoe WhatsApp, niisakinishe upya na kubonyeza kurejesha. Najua meseji zilizoingia baada ya usiku ule zitapotea.

Ninachoomba kwa aliyewahi kufanya: nakala iliyoko Google Drive haitatangulia kurejeshwa badala ya hii ya kwenye simu? Nimwondoe kwanza akaunti ya Google?