Mrututu kwa kaboni au kwa shaba: ipi inaonyesha vizuri kinachotokea anodi na kathodi?

mwl_vipindi_viwili
Habari za kazi wadau. Nina dakika 80 na kidato cha tano, makundi sita. Nataka waone kwa macho kinachotokea kwenye kila elektrodi, si kukariri jedwali. Nilivyo navyo: nusu kilo ya mrututu, vijiti vya kaboni vilivyotolewa kwenye betri kubwa za tochi, vipande vya bati la shaba, mizani ya desimali mbili, amita na riostati. Muda hautoshi kufanya yote kwa utulivu. Je, nitumie elektrodi za kaboni, nitumie za shaba, au niachane na elektrolisisi nianze na seli ya zinki na shaba?

Bika_Chafu
Kaboni, mwalimu. Kila upande unaonyesha kitu tofauti. Kathodi inapata rangi ya shaba, anodi inatoa mapovu ya oksijeni, na buluu ya myeyusho inafifia. Mwisho chovya litimasi ya buluu, itageuka nyekundu kwa sababu asidi imezaliwa. Wakumbushe tu kwamba anodi ni chanya siku zote na kathodi ni hasi siku zote, hawatapotea.

fundi_wa_maabara
Kaka Bika, kwenye mapovu na shaba nakubaliana nawe. Mambo matatu yaliyobaki yatamletea mwalimu shida.

Nianze na litimasi. Mrututu ukiuyeyusha tu, kabla hata ya kuwasha umeme, tayari una asidi kidogo, pH yake karibu 4. Litimasi ya buluu itakuwa nyekundu tangu dakika ya kwanza, na mwanafunzi makini atakuuliza mbona umeme haujawashwa. Tumia karatasi za kupima pH zenye rangi nyingi. Mwanzo itasoma karibu 4, mwishoni itashuka kuelekea 1. Badiliko hilo ndilo ushahidi wa kinachotokea anodi:

2H₂O → O₂ + 4H⁺ + 4e⁻

Kuhusu kufifia kwa buluu, wengi huweka mililita 100 za myeyusho wa 0.5 M halafu wanasubiri muujiza. Piga hesabu. Hapo ndani kuna moli 0.05 za shaba. Mkondo wa ampea 0.15 kwa dakika 40 ni kulombu 360. Gawanya kwa 96,500 upate moli 0.0037 za elektroni, na kwa kuwa kila ioni ya shaba inachukua elektroni mbili, imetoka moli 0.0019 tu. Hiyo haifiki asilimia 4, na hakuna jicho litakaloiona. Tumia mililita 40 za 0.1 M (gramu 25 za mrututu kwa lita moja). Hapo kuna moli 0.004, kwa hiyo karibu nusu ya shaba itakuwa imetoka. Weka bika nyingine yenye myeyusho uleule usioguswa, zikae sambamba juu ya karatasi nyeupe. Bila hiyo ya kulinganishia, nusu ya darasa itasema imefifia kwa sababu umewaambia itafifia.

Usiongeze mkondo ili uharakishe. Myeyusho ukiwa mwepesi hivyo, ioni za shaba hazifiki kathodi kwa kasi ya kutosha. Shaba inakuwa unga mweusimweusi, kisha kathodi nayo inaanza kutoa mapovu, ambayo ni hidrojeni. Ukiyaona mapovu pande zote mbili, punguza mkondo na koroga taratibu kwa kijiti cha kioo.

Suala la ishara nitalirudia.

Mama_Titresheni
Mimi nipo upande wa shaba, kwa sababu inapimika. Kaboni inakuachia hadithi ya rangi, lakini shaba inakuachia namba.

Sugua mabati mawili kwa msasa laini, suuza, kausha, pima kila moja na uandike A na K kwa msumari kwenye sehemu isiyozama. Myeyusho uwe 0.5 M, gramu 125 kwa lita, na uongeze matone machache ya asidi ya salfa iliyozimuliwa. Upande unaomtazama mwenzake uwe na eneo la sm 4 kwa sm 5 ndani ya myeyusho. Peleka ampea 0.4 kwa dakika 25 na mtu mmoja akae kwenye riostati, maana mkondo hautulii wenyewe.

0.4 × 1,500 = kulombu 600. Kathodi inatakiwa iongezeke gramu 0.20. Anodi ipungue kiasi hichohicho, na buluu ibaki ilivyo, kwa sababu kila ioni inayochukuliwa huku inarudishwa kule:

Anodi: Cu → Cu²⁺ + 2e⁻
Kathodi: Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Kwa mizani ya desimali mbili hiyo 0.20 inasomeka vizuri. Ukishuka hadi 0.05 utakuwa unapima kelele za mizani.

mwl_vipindi_viwili
Dada, hapo ndipo huwa nakwama. Anodi hupungua zaidi ya kathodi inavyoongezeka. Mara 0.23 kwa 0.18, mara mbaya zaidi. Wanafunzi wanasema Faraday kakosea.

Mama_Titresheni
Kathodi inaibiwa wakati wa kusuuza. Shaba mpya haijashika sana, hivyo ukiiweka chini ya bomba au ukiifuta kwa kitambaa inakwenda na maji. Ichovye taratibu kwenye maji yaliyokenekwa, kisha kwenye spiriti, iache ikauke hewani. Usiikaushe juu ya moto, itashika oksijeni, ibadilike rangi na uzito uongezeke wa uongo. (Ukienda kununua maji ya betri kwa ajili ya kusuuzia, soma chupa. Duka hilohilo linauza na asidi ya betri.)

fundi_wa_maabara
Na anodi nayo ina lake. Si shaba yote inayotoka ikiwa Cu²⁺. Kidogo hutoka ikiwa Cu⁺, ambayo haidumu majini, bali hugeuka kuwa Cu²⁺ na unga wa shaba. Unga huo huanguka chini, na ukikosa asidi ya kutosha utapata pia uchafu mwekundu wa Cu₂O. Atomi iliyotoka hivyo imetoa elektroni moja tu, ndiyo maana anodi inapungua zaidi kuliko hesabu ya elektroni mbili. Kwa hesabu ya Faraday tumia kathodi, na anodi iwe ya kujadili.

duka_la_vijiko
Samahani, kwa shaba mnamaanisha kupaka vitu? Mimi nina vijiko vya chuma, nimevizamisha kwenye mrututu vikapata shaba hata kabla sijaunga betri, halafu ikabanduka yote kwa kidole. Tatizo ni betri ndogo?

Mama_Titresheni
Ndugu yangu, betri yako haina kosa. Chuma kinaipa ioni ya shaba elektroni moja kwa moja, chenyewe kinayeyuka, na shaba inadondokea juu ya uso unaoliwa, hivyo haishiki. Chuma hakipakwi kwa mrututu mtupu. Kwanza hupakwa nikeli au hutumika myeyusho wa aina nyingine. Na visiwe vijiko vya kulia, mrututu ni sumu.

Ila mwalimu, kosa lake ni zuri kwa somo la seli. Zinki ikizamishwa kwenye mrututu hufanya vilevile: inakuwa nyeusi na hakuna umeme wa kutumia, kwa sababu elektroni hazikupita kwenye waya.

fundi_wa_maabara
Sasa ishara. Kaka Bika, kanuni yako ni sahihi kwa elektrolisisi peke yake. Kwenye seli ya zinki na shaba, zinki ndiyo inayopoteza elektroni, kwa hiyo ni anodi, nayo ni hasi. Shaba ni kathodi na ni chanya, na voltimita inasoma karibu 1.1. Jina linafuata kazi: palipo na kupoteza elektroni ni anodi, palipo na kupokea ni kathodi. Ishara inategemea nani anasukuma elektroni, seli yenyewe au betri ya nje.

Na hili unaweza kulionyesha bila kupanga seli nyingine. Chukua bika ya kaboni. Unga betri moja ya volti 1.5: sindano ya amita haisogei, au inasogea kidogo kisha inalala. Unga betri hiyohiyo kwenye bika ya mabati ya shaba: mkondo unapita vizuri. Kwenye mabati, anodi inafanya kinyume kamili cha kathodi, hivyo gharama ya nishati ni kama sifuri, ni kusukuma ioni tu. Kwenye kaboni lazima uvunje maji. Kwa nadharia unahitaji 1.23 toa 0.34, yaani karibu volti 0.9, na oksijeni ni mvivu kutoka juu ya kaboni, hivyo kwa vitendo unahitaji volti 2 kwenda juu.

Sasa endesha bika ya kaboni kwa betri tatu kwa dakika kumi, kisha ondoa betri na uunge voltimita mahali pake. Itasoma karibu volti moja halafu itaporomoka. Umetengeneza seli! Kijiti kilichopakwa shaba kinaanza kuyeyuka tena, kinapoteza elektroni: kilikuwa kathodi, sasa ni anodi, na bado ni hasi. Chenye oksijeni kilikuwa anodi, sasa ni kathodi, na bado ni chanya. Ishara hazikuhama, majina yamehama.

Bika_Chafu
Hapo nimekubali. Kumbe ndicho kinachofanyika kwenye betri ya gari pia, inapochajiwa na inapotumika. Lakini mlinganyo wa anodi wewe umeandika maji, mimi nilifundishwa 4OH⁻ → 2H₂O + O₂ + 4e⁻. Nani anapata maksi?

fundi_wa_maabara
Kwenye myeyusho wa asidi OH⁻ ni chache mno kubeba mkondo huo, ndiyo maana naandika maji. Idadi ya elektroni na oksijeni inatoka ileile.

Mama_Titresheni
Mimi wanafunzi wangu nawaachia OH⁻, kwa sababu inaeleza moja kwa moja kwa nini H⁺ inabaki nyuma. Hapa hatukubaliani na fundi, na si leo tu.

mwl_vipindi_viwili
Basi makundi manne mabati ya shaba kwa dakika 25, mawili kaboni kwa 0.1 M yaanze mapema, na mwishoni voltimita mbele ya darasa zima. Vijiti vyangu lakini havipitishi umeme vizuri, amita inarukaruka.

fundi_wa_maabara
Vijiti vya betri huwa na nta. Vichome kwenye moto mpaka viache kutoa moshi, ukiwa nje, kisha sugua kwa msasa sehemu ya klipu. Na ukiona unga mweusi chini ya anodi baadaye usishangae, oksijeni inakula kaboni. Usipime uzito wa kijiti hicho.

Mama_Titresheni
Mrututu uliobaki usimwage kwenye sinki. Weka misumari ya zamani humo mpaka buluu iishe, chuja shaba, ndipo umwage maji yake.