Ulinganisho: nyumba iongee yenyewe, au kipande cha sinema? (historia ya babu kwenye gemu letu)

mwanaiyunga
Wakuu, habari za jioni. Tuko wawili hapa Mbeya, tunatengeneza gemu la simu kwa Godot. Mchezaji ni mjukuu aliyekuja kukaa kwa babu yake Iyunga, jirani na stesheni ya TAZARA. Babu alikuwa dereva wa treni, akaacha kazi ghafla. Msaidizi wake alifia safarini, usiku ambao babu ndiye aliyeng'ang'ania waondoke. Mzee hataki kuligusa hilo jambo.

Mimi nataka nyumba ndiyo iseme: koti la kazi nyuma ya mlango, vikombe viwili vya bati mezani, kimoja kina vumbi. Mwenzangu anataka sinema ya sekunde 90. Niliwapa watu wanane wacheze toleo langu. Watano walipita koti bila kuliona. Watatu waliobaki wakaniambia babu ni mjane!

chuma_cha_zamani
Sinema achana nayo, mkuu. Video ya sekunde 90 kwa megabiti 4 kwa sekunde ni MB 45. Kwa bando gani? Nani huku Chunya atapakua gemu la hivyo?

shamba_mufindi
Mazingira ni muhimu sana. Sisi huku tumepanda misindano tangu 2015, ila vyanzo vya maji vinakauka. Gemu lifundishe watoto kupanda miti ya asili.

chuma_cha_zamani
@shamba_mufindi mzee wangu, mazingira anayosema ni vyombo vya ndani 😂

dada_fremu
Kamwene wakuu, niko Iringa. Hesabu ya chuma ni sahihi, ila si lazima sinema iwe faili la video. Ukiwasogeza wahusika na kamera kwa AnimationPlayer humo humo ndani ya gemu, unaongeza sauti na miondoko tu. Gharama inahamia kwenye jasho lako: mdomo, mikono, macho ya babu. Sekunde 90 kwa watu wawili ni kazi ndefu.

Sasa koti. Umelitundika nyuma ya mlango. Mtu akifungua mlango anatazama mbele, mlango wenyewe unalificha. Usiongeze ukubwa wala kulimulika kama duka la simu. Weka ufunguo wa stoo mfukoni mwake, ili asiweze kuendelea bila kulishika.

Vikombe ni kosa la aina nyingine. Waliviona vizuri tu, wakavisoma vibaya. Mzee peke yake na vikombe viwili: kila mtu atawaza marehemu bibi. Kitu kimoja kinakubali hadithi yoyote, kwa hiyo kiwekee kingine cha kuibana. Babu umemchora jitu la miraba minne, siyo? Basi koti liwe dogo, halimwenei, na kifuani lina jina la mtu mwingine. Hapo mchezaji mwenyewe atauliza, "Hili la nani?"

Ila nyumba haitakwambia nani alisema "tuondoke". Vitu vinaonyesha kilichobaki, havionyeshi uamuzi. Hiyo sentensi moja ipe sinema, sekunde 20, halafu mrudishe mchezaji palepale kwenye koti. Kwenye The Last of Us (2013) Joel anapewa saa na binti yake mwanzoni kabisa, na miaka 20 baadaye bado anaivaa, imevunjika. Hakuna anayeeleza. Lakini bila lile tukio la mwanzo, ingekuwa saa mbovu tu.

mpiga_honi
Dada umesema vyema, ila mimi sinema naipinga. Kila gemu nikiona sinema nabonyeza kuruka, na sipo peke yangu. Kwa hiyo usidhani ukiiweka wote wataiona. Half-Life ya 1998 ilimwachia mchezaji kamera karibu muda wote, na hadithi ilieleweka.

Unaye babu mwenyewe, mtumie. Wanakula, honi ya treni inalia kwa mbali, babu anaweka tonge chini, anainuka, anaenda kufunga dirisha. Jioni ya pili vilevile. Jioni ya tatu mchezaji akiliwahi dirisha, babu amwambie, "Ningesubiri kupambazuke." Basi.

dada_fremu
Hiyo ya tonge nimeipenda. Ila huyo anayekula huku anazunguka jikoni, au amempa babu kisogo? Sentensi itampita hivyohivyo.

mwanaiyunga
Ndaga fijo. Wikiendi nimebadilisha koti, nimeweka ufunguo na honi, sinema bado. Nimewaita wapya wanne. Wote wameshika koti, wote wameuliza la nani. Wawili wamejua babu anajilaumu, mmoja alikuwa anachungulia kabati wakati babu anaongea. Wa nne kaniambia mwenye koti ni mtoto wa babu.

Mwenzangu ameshaanza kuchora sinema yake. Amepunguza hadi sekunde 40.

mpiga_honi
Huyo wa nne muulize jina la kifuani alilisomaje. Kwenye simu ndogo huenda halisomeki.