Williams %R na stokastiki: mbona nasubiri zikubaliane na hazikubaliani?

Msaka_Mwelekeo: Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri. Kwenye MT4 naweka Williams %R ya 14 na stokastiki ya 5,3,3 kwenye chati moja. Nanunua pale tu %R inapokuwa chini ya -80 na stokastiki chini ya 20, maana nataka mashahidi wawili. Lakini mara nyingi moja inashuka huko na nyingine imebaki juu. Niamini ipi?

Bahari_Shwari: Mkuu, hao si mashahidi wawili, ni shahidi mmoja. %R ni stokastiki iliyowekewa alama ya kutoa. Ukiona -30, stokastiki ni 30. Futa moja.

Mzee_wa_Chati: Kuhusu shahidi mmoja uko sahihi, ila hesabu yako si hiyo. Tuseme katika mishumaa 14 kilele ni 1.1050, bonde ni 1.0950, na bei imefunga 1.1020. Upana wote ni pipsi 100. %K inapima kutoka chini: bei iko pipsi 70 juu ya bonde, kwa hiyo inasoma 70. %R inapima kutoka juu: bei iko pipsi 30 chini ya kilele, kwa hiyo inasoma -30. Pipsi 70 na pipsi 30 lazima zijaze upana wote, ndiyo maana daima:

```
%R = %K - 100
```

Kwa hiyo -80 ni 20, na -20 ni 80. Mstari ni ule ule, umeshushwa hatua 100 tu.

Msaka_Mwelekeo, zako hazikubaliani kwa sababu hulinganishi vitu vinavyofanana. Stokastiki yako inatazama mishumaa 5, %R inatazama 14. Halafu ile 3 ya mwisho, yaani Slowing, inalainisha %K kabla hujaiona. Weka %K period 14, Slowing 1, Price field iwe Low/High, kisha usome mstari mkuu, siyo ule wa vitone.

Neema_Kodi: Wakuu, mimi ninaandika indiketa yangu na nimekwama hapo hapo. Kwenye TradingView nimejaribu hivi:

```
plot(ta.stoch(close, high, low, 14) - ta.wpr(14))
```

Inatoa 100 iliyonyooka, safi kabisa. Lakini nikichukua %K ya TradingView nikailainisha kwa wastani wa 3, haifanani na ya MT4 yenye Slowing 3, hata nikitumia bei zile zile. Kwa nini?

Mzee_wa_Chati: Swali zuri sana hilo. TradingView inatafuta asilimia ya kila mshumaa, kisha inachukua wastani wa asilimia hizo. MT4 inajumlisha umbali wa bei kutoka bonde kwa mishumaa mitatu, inajumlisha upana wa mishumaa hiyo, kisha inagawanya mara moja. Chukua mishumaa mitatu yenye pipsi 10 kwa upana wa 50, 15 kwa 60, na 80 kwa 100. Asilimia zake ni 20, 25 na 80, wastani wake karibu 41.7. Kwa njia ya MT4 ni 105 kugawanya kwa 210, yaani 50. Mshumaa wenye upana mkubwa unapewa uzito zaidi. Soko likitulia utaona tofauti ndogo, likiruka ghafla ndipo zinaachana.

Tulia_Kwanza: Na RSI je, inafaa kuiweka 14 au 9?

Bahari_Shwari: Tulia_Kwanza, RSI haipimi kilele na bonde, fungua uzi wake. Mzee, asante kwa kunirekebisha. Lakini basi kama %R haina mstari wa ishara, stokastiki si inaizidi?

Mzee_wa_Chati: Unaweza kuutengeneza. Vuta Moving Average ya 3, aina ya Simple, uidondoshe kwenye dirisha la %R, na uchague First Indicator's Data. Utapata %D ya stokastiki ya haraka, ikiwa imepunguzwa 100, na makutano yatatokea kwenye mishumaa ile ile.

Msaka_Mwelekeo: Nimeweka 14, 3 na Slowing 1. Nimepitisha kishale kwenye mishumaa mingi na tofauti ni 100 kila mahali. Kumbe nilikuwa nasubiri kitu kijithibitishe chenyewe. Sasa nikirudisha Slowing 3 kwenye stokastiki na kuacha %R ghafi, je, hapo napata cha ziada?

Neema_Kodi: Mimi naona unapata. %R inakuambia bei imegusa, stokastiki inakuambia imekaa huko kwa muda.

Mzee_wa_Chati: Mimi sikubaliani. Ile iliyolainishwa imetengenezwa na %K za mishumaa mitatu, na zote umeshaziona kwenye %R. Ni kuchelewa tu, na mara nyingine kuchelewa kunakukosesha bei nzuri. Ukitaka shahidi wa pili, mtafute kwenye kitu kisichotumia kilele na bonde hizo hizo.

Neema_Kodi: Kuchelewa huko ndiko kunakonichujia miguso ya mshumaa mmoja. Nitazipima zote mbili kwenye data ya zamani, nikipata majibu nitayaweka hapa.